Kwa nini video ya 720p inaweza kula nafasi kuliko ya 1080p

Watu wengi wanaoniuliza namna ya kuokoa nafasi ya simu huwa wameshafanya jambo moja: wamefungua mipangilio ya kamera na kushusha ubora wa video kutoka 1080p hadi 720p. Si kosa, lakini mara nyingi wamegusa swichi ambayo si ya kwanza kuguswa. Kinachoamua ukubwa wa faili ni kiwango cha biti, yaani idadi ya biti ambazo simu inaziandika kwa kila sekunde moja ya video. Ubora tunaouchagua kwenye orodha ni mojawapo tu ya mambo yanayoifanya simu ichague kiwango hicho.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa kuwa ni fupi. Kiwango cha biti huelezwa kwa megabiti kwa sekunde, na biti 8 hufanya baiti 1. Kwa hiyo ukichukua kiwango hicho, ukakizidisha kwa sekunde 60, kisha ukakigawa kwa 8, unapata megabaiti zinazoliwa na dakika moja. Simu nyingi hurekodi 1080p kwa fremu 30, yaani picha 30 kwa kila sekunde, na kwa megabiti 17 hivi kwa sekunde. Hutumia mbano, yaani njia ya kupunguza ukubwa wa video, wa zamani uitwao H.264, na hiyo ni karibu megabaiti 128 kwa dakika. Sauti haina uzito wa kukusumbua, kwani hula megabaiti moja au mbili tu katika dakika hiyo.

Ukitazama idadi ya pikseli, ungetegemea tofauti kubwa kuliko zinazoonekana kwenye faili. Fremu ya 720p ina pikseli 921,600, ya 1080p ina 2,073,600, na ya 4K ina 8,294,400, yaani mara nne ya 1080p na mara tisa ya 720p. Hata hivyo, faili haliongezeki kwa uwiano huo, kwa sababu simu haihifadhi kila pikseli ilivyo. Mbano huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata huandika zaidi kile kilichobadilika. Ndiyo maana simu iliyosimamishwa imara, ikielekezwa kwa mtu aliyeketi, ina kazi nyepesi, ilhali mkono unaotetemeka hubadilisha kila kona ya picha katika kila fremu. Chumba chenye giza nacho huleta chembechembe zinazorukaruka, na mbano huziona kama mabadiliko ya kweli. Baadhi ya simu hukabili hali hiyo kwa kuongeza biti, nyingine hubaki na kiwango kilekile na kuacha picha iharibike.

Sasa tufike kwenye swichi yenyewe. Mbano mpya uitwao HEVC, au H.265, hutoa picha inayokaribiana na ya H.264 kwa karibu nusu ya biti. Kwenye iPhone unapatikana kwa kuchagua `High Efficiency` badala ya `Most Compatible`, na mipangilio ya simu hiyo hukadiria megabaiti 60 hivi kwa dakika ya 1080p yenye fremu 30, dhidi ya 130 kwa mbano wa zamani. Kwenye simu za Android jina na mahali hutofautiana, ila neno `HEVC` au `H.265` kwa kawaida huonekana ndani ya mipangilio ya kamera, mara nyingi likiwa limefichwa chini ya chaguo za ziada. Gharama yake ni kwamba kompyuta au televisheni kuukuu huenda isiweze kulicheza faili hilo, na baadhi ya simu za bei ya chini sana hazirekodi kwa mbano huu.

Mwalimu mmoja aliniletea simu yake siku moja kabla ya mhadhara wa dakika 90 aliotaka kuurekodi wote. Ilikuwa na gigabaiti 7.5 zilizo wazi. Kabla ya yote nilitenga 1.5 zisiguswe, kwa kuwa simu iliyojaa pomoni huanza kukwama, na kamera inaweza kusimama yenyewe katikati ya kazi. Zikabaki 6. Badala ya kuamini majedwali, nilirekodi dakika moja ya mtu akizungumza kwa kila mpangilio, kisha nikasoma ukubwa wa kila faili kwenye maelezo yake. Kwa mbano wa zamani, 1080p ilikula megabaiti 128 na 720p ikala 90. Kwa HEVC, 1080p ilikula 68 na 720p ikala 45.

Ukizidisha kwa dakika 90, 1080p ya zamani inataka gigabaiti 11.5, na hata 720p ya zamani inataka 8.1, kwa hiyo zote mbili hazikai. 720p ya HEVC inataka karibu 4.1, na hiyo inakaa kwa raha. Iliyonivutia ni 1080p ya HEVC, iliyohitaji gigabaiti 6.1 na kukosa nafasi kwa kitu kidogo tu. Tena ni ndogo kuliko ile 720p ya zamani ambayo mwenyewe alikuwa ameshaichagua akidhani anabana matumizi.

Nilipofungua albamu ya vitu vilivyofutwa nikakuta video za gigabaiti 1.4. Kufuta video kwenye matunzio mara nyingi huihamishia huko tu, nayo huendelea kukalia nafasi ileile, kwa muda wa siku 30 kwenye simu nyingi. Tulizifuta moja kwa moja, nafasi ikatosha, na akarekodi kwa 1080p. Ubora huo aliuhitaji kwa sababu alitaka maandishi ya ubaoni yasomeke. Angekuwa anarekodi mazungumzo ya watu wawili ya kutazamwa kwenye simu, ningemwacha kwenye 720p ya HEVC bila kusita.

Fremu 60 nilizizima mapema. Zinafaa kwa mchezo au kitu kinachokwenda kasi, lakini huongeza faili kwa nusu yake au zaidi, na chumbani hutia giza picha kwa kuwa kila fremu hupata muda mfupi zaidi wa kupokea mwanga. 4K sikuijaribu hata kidogo: hata kwa HEVC na fremu 30, iPhone huikadiria kwa megabaiti 170 hadi 190 kwa dakika, na dakika 90 zingevuka gigabaiti 15.

Jambo la mwisho nililomwambia ni kutorekodi faili moja refu. Faili la MP4 huwa na faharasa inayoeleza kila fremu iko wapi, na simu nyingi huiandika pale tu unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikata moto kabla ya hapo, video nzima inaweza kukataa kufunguka ingawa gigabaiti zake zipo. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza saa nzima ya mahojiano kwa njia hiyo. Mwalimu alisimamisha na kuanza upya kila baada ya dakika 30, akapata mafaili matatu ya takriban gigabaiti 2 kila moja.