Barua ya Ijumaa kwa bosi

"Katiba imenipa haki ya ibada, sasa barua ya nini? Ijumaa naondoka zangu tu."

La kaka, hapo utapoteza kazi bure. Haki unayo kweli, kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimetaja hadi kushika siku ya ibada, lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu kutoka kazini bila ruhusa kuwa kosa la kufukuzwa, na ukishikwa hapo bosi hatasema amekufuta kwa dini, atasema ulitoroka.

Barua ndo inakulinda, na isiseme tu "naomba Ijumaa", weka masaa. Mfano uko hoteli hapa Malindi, shifti saa mbili asubuhi mpaka kumi na moja jioni, lanchi saa saba hadi saa nane. Andika hivi: Ijumaa lanchi yangu ianze saa sita u nusu mpaka saa nane kamili, ile nusu saa ya ziada nitailipa kwa kuingia saa moja u nusu. Masaa hayajapungua, kwa hiyo hakuna sababu ya kukata mshahara. Alasiri omba dakika kumi, na sema ni nani atakushikia kaunta, maana hapo ndo meneja wengi hukwama.

Peleka kopi mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Akikataa, muombe aandike sababu, na hiyo ndo uende nayo ofisi ya leba.