"Ndugu" ya barua na "Habari za kazi" ya baruapepe

Wiki iliyopita katibu wa kikundi kimoja aliniletea barua niipitie kabla haijapigwa muhuri. Walikuwa wanaomba ukumbi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yao. Imeanza: "Mpendwa Mkurugenzi, habari za asubuhi?" Imeishia: "Wasalaam."

Maombi yenyewe yalikuwa safi. Nilichombadilishia ni kichwa na mkia.

Barua ya ofisini haimfikii mkurugenzi moja kwa moja. Inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inawekwa kwenye jalada, ndipo inapanda mezani kwake, pengine siku ya tatu saa tisa alasiri. Asubuhi ya nani hiyo? Zaidi ya hapo, jalada litabaki hata mkurugenzi akihamishwa, kwa hiyo barua inaandikiwa cheo. Cheo kimeshatajwa kwenye anwani, basi hapo chini "Ndugu," peke yake inatosha, kisha mstari wa YAH. Naipenda "Ndugu" kwa sababu haiulizi kama mwandikiwa ni mwanamume au mwanamke; ukiandika "Bw." kwa kubahatisha, unaweza kumuudhi mtu kabla hajasoma ombi. Kwa waziri, mbunge au mkuu wa wilaya, andika "Mheshimiwa". "Mpendwa" waachie jamaa zako.

Mwishoni tuliweka "Wako katika ujenzi wa Taifa," halafu sahihi, jina, na cheo chake: Katibu. "Wako mtiifu" nayo ingefaa, maana wao ndio waombaji. Ila mkurugenzi akijibu hatajiita mtiifu kwao. Mara nyingi atamaliza kwa "Nawatakia kazi njema" na kutia sahihi. Angalia pia idadi: ukiwaandikia "Ndugu Wajumbe", mwisho uwe "Wenu", si "Wako". Kosa hili nakutana nalo karibu kila mwezi.

Siku chache baadaye katibu alitaka kumkumbusha afisa anayeshughulikia ukumbi, kwa baruapepe. Hapo salamu ina nafasi yake, kwa kuwa kuingia kwenye shida bila hodi ni ukavu. Tuliandika hivi:

"Ndugu Afisa Utamaduni,
Habari za kazi? Nafuatilia barua yetu ya kuomba ukumbi, nakala nimeiambatisha. Naomba kujua imefikia wapi.
Asante,"

Chini yake jina, cheo na namba ya simu. "Habari za kazi" haichachi hata ikisomwa jioni. Aliniuliza kama aanze na "Shikamoo". Nikamwambia hapana: shikamoo hufuata umri, na afisa yule huenda ni mdogo kwake, tena hudai marahaba, ambayo kwenye baruapepe inachelewa. "Wasalaam" hapa ingekubalika, lakini mwishoni tu, kwa sababu ni salamu ya kuagia.

Afisa alijibu mchana: "Habari. Barua ipo kwa mkurugenzi." Katibu akaanza tena na "Ndugu Afisa Utamaduni, habari za kazi?" Nikamfutia. Mazungumzo yameshafunguka, "Asante, nasubiri" imetosha.