Kijana anapoondoka Pangani: anapiga hesabu au anaogopa maneno ya watu?

Juzi nilikuwa kwenye kijiji kimoja cha wavuvi upande wa Pangani, nimekaa na kijana anashona nyavu chini ya mkungu, nikamuuliza kwa nini anaenda Dar mwezi ujao. Nilitegemea aniambie hela. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Dada, wenzangu wote wameondoka, nikibaki hapa nitaonekana nani?"

Jibu hilo linagusa ugomvi wa zamani kwenye fani yetu ya sayansi ya jamii: mtu anahama kwa sababu amepiga hesabu, au kwa sababu ya kanuni, yaani kile ambacho jamii inamtegemea afanye? Upande mmoja kuna wachumi Harris na Todaro, ambao mwaka 1970 walitoa modeli iliyotokana sana na hali ya huku kwetu Afrika Mashariki. Wanasema mtu hafuati mshahara wa mjini, anafuata mshahara huo ukizidishwa kwa uwezekano wa kuupata. Tuchukue namba za mfano tu. Kijana wetu baharini anapata laki mbili kwa mwezi, Dar kazi anayoitaka inalipa 350,000 lakini nafasi ya kuipata ni nusu kwa nusu, kwa hiyo anachotarajia ni 175,000, na hapo hatujagusa kodi ya chumba. Kwa hesabu hiyo abaki ashone nyavu zake. Ukitaka kuitetea modeli utasema nafasi inapanda kadri anavyokaa mjini, kwa hiyo tupige hesabu ya miaka na siyo ya mwezi mmoja, na hiyo ni hoja halali kabisa.

Ila kuna utetezi mwingine ambao mimi siukubali, ule wa kusema basi aibu ya kubaki nayo ni gharama, iingize kwenye hesabu. Ukishafanya hivyo hakuna tena kinachoweza kukukatalia, akiondoka unasema aibu ilikuwa kubwa, akibaki unasema ilikuwa ndogo, na hapo hujaeleza kitu, umebadilisha jina tu.

Wengine wanaruka mtu mmoja mmoja kabisa, wanaeleza kutoka juu: mkonge ulianguka bei baada ya kamba za nailoni kuingia sokoni, mashamba ya Tanga yakadorora, watu wakahama. Ni kweli mkonge ulianguka. Lakini nina vijiji viwili jirani, barabara ileile, bahari ileile, mkonge uleule, kimoja vijana karibu wote wameondoka na kingine wamebaki. Sasa sababu ya juu iliyo sawa kwa vijiji vyote viwili itaelezaje tofauti hiyo?

Hapa ndo namkumbuka mwanasosholojia Granovetter, aliyeandika mwaka 1978 kuhusu vizingiti. Kizingiti ni idadi ya watu unaotaka kuwaona wametangulia kabla na wewe hujafuata. Weka vijana kumi kijiji cha kwanza: mmoja kizingiti chake 0, yaani anaondoka hata peke yake, wa pili 1, wa tatu 2, mpaka wa mwisho 9. Wa kwanza akipanda basi, wa pili anamfuata, wakishakuwa wawili wa tatu anabeba begi, na mwisho wanaisha wote kumi. Kijiji cha pili ni hivyohivyo ila yule mwenye 1 ana 2. Wa kwanza anaondoka, anayefuata anasubiri wawe wawili, hawawi, basi imeishia hapo. Wastani wa vizingiti ni 4.5 kule na 4.6 huku, dodoso lako halitaona tofauti yoyote, lakini kule wameondoka kumi na huku mmoja. Kwa hiyo ukiona kijiji kimebaki kitupu usikimbilie kusema vijana wake wana tamaa ya mji kuliko wa jirani.

Bado swali la hesabu au kanuni halijaisha, maana kizingiti chenyewe kinaweza kutoka kokote. Labda kaka yako aliyetangulia ana chumba Mbagala, utalala kwake na atakuonyesha kazi, hapo kutangulia kwake kumekupunguzia gharama, ni hesabu. Au labda kijana anayebaki anaitwa mtoto wa mama na hapati mchumba, hapo ni kanuni ya jamii. Ninachofanya nikitaka kuzitenganisha ni kuuliza kuhusu waliotangulia wakashindwa. Aliyeko Dar hana kazi, analala kwa watu, hawezi kumpokea mtu. Kama ni hesabu, huyo hatakiwi kukuvuta, tena angekurudisha nyuma. Kama ni kanuni, naye anahesabika, kwa sababu kilichotakiwa ni kuondoka.

Basi nikamuuliza yule kijana wa nyavu, kati ya wenzako walioondoka wangapi wana pa kukupokea? Akahesabu kwa vidole, akafika viwili. Na wangapi mambo yao hayajakaa sawa? Akacheka kidogo, "Hao wengine wote dada." Na bado alikuwa ameshaweka nauli.