Je, wajua kwa nini gari la dizeli linaweza kukugharimu kuliko la petroli?

"Nasambaza unga na vinywaji madukani Dar es Salaam. Ninunue Hiace ya petroli au ya dizeli?"

Jibu linategemea kilometa unazotembea kwa siku, na zaidi ya hapo, urefu wa kila safari. Chukua Hiace ya petroli yenye injini 1TR-FE ya lita 2.0. Ikiwa na mzigo katika foleni za mjini, tuikadirie kilometa 8 kwa lita. Ya dizeli yenye 1KD-FTV ya lita 3.0 tuipe kilometa 10. Bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi, basi kwa mfano huu tuseme lita ya petroli na ya dizeli zote ni shilingi 3,000. Petroli itakula shilingi 375 kwa kilometa, dizeli 300. Dizeli inakuachia shilingi 75 kila kilometa, na hizo 75 ndizo zitakazolipia kila kitu ambacho dizeli inakuzidishia.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kama mara 10 tu. Ukizidisha, mafuta hulipuka kabla ya wakati na injini hugonga. Dizeli hubana hewa tupu mara 15 hadi 18, hewa inapata moto wa kutosha kuwasha mafuta bila plagi, na nguvu nyingi zaidi inatoka katika tone lilelile. Tena lita ya dizeli yenyewe ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kama sehemu moja ya kumi hivi.

Sasa tuzitumie hizo 75. Tuseme gari la dizeli lina bei ya juu kwa shilingi milioni 6. Utahitaji kilometa 80,000 kuirudisha. Anayetembea kilometa 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, atafika huko ndani ya miezi 31. Anayezunguka Kariakoo na Ilala kilometa 40 kwa siku atahitaji zaidi ya miaka 6, na hapo hajagusa gereji.

Gereji ndiko hesabu inakoharibikia. Kumwaga oili si tatizo kubwa: 1KD inachukua lita kama 7, 1TR lita 5 na kitu. 1TR ina cheni ya taimingi, wakati 1KD ina mkanda ambao hubadilishwa kwenye kilometa 100,000 hivi. Ukiuchelewesha ukakatika, valvu zinagongana na pistoni. Lakini gharama yenyewe ni nozeli. Dizeli hizi husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi baa 1,300 kupitia vitundu vidogo mno, hivyo maji au uchafu kidogo tu unazikwangua. Nozeli nne zikiwa shilingi 700,000 moja, tayari umekula akiba ya kilometa 37,000. Dalili huanza asubuhi: injini inagonga ikiwa baridi, moshi mweupe unatoka, kisha mtikisiko gari likiwa limesimama. Ndiyo maana filta ya dizeli isipitishwe muda, na taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka, fungua kizibo cha chini ya filta umwage maji siku hiyohiyo.

Safari fupi zina ubaya wake. Magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni kutoka Japani yana chujio la masizi kwenye ekzosi, DPF. Linajisafisha kwa kuchoma masizi, na kazi hiyo inahitaji joto la mwendo mfululizo. Gari linalozimwa kila baada ya kilometa mbili halifiki huko. Masizi yanajaa, nguvu inapungua, na katika injini nyingi dizeli inayomwagwa kuchoma masizi huvuja hadi kwenye oili. Ukiona oili imepanda kwenye dipstiki na inanuka dizeli, imwage.

Kuhusu uhai, sifa ya dizeli ina msingi: bloku lake ni nene na huzunguka taratibu. Lakini sifa hiyo ilijengwa na injini rahisi za zamani kama 5L ya Toyota isiyo na tabo wala kompyuta ya nozeli. Bloku la 1KD linaweza kudumu, ila tabo, pampu na nozeli vinachoka kabla yake. 1TR iliyomwagwa oili kila kilometa 5,000 na isiyochemka nayo inakwenda mbali sana.

Kwa mizunguko ya maduka mjini, petroli. Kwa Dar hadi Morogoro na kurudi mara kadhaa kwa wiki, dizeli. Unapoikagua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha pata moto huficha mlio wa nozeli mbovu.