Kishindo si ruhusa ya kurudi machimboni

"Baruti ikishalia na vumbi likatua, si tunaweza kurudi kukusanya mawe?"

Hapana. Utambi uliolowa au kubanwa huweza kuungua polepole na kuwasha fataki, kilipuzi kidogo kinacholipua baruti, dakika nyingi baada ya mashimo mengine yaliyojazwa baruti kulipuka. Ndiyo maana mlipuaji huhesabu vishindo. Tuseme amewasha mashimo 8 na kusikia vishindo 7. Huenda mawili yamelia pamoja, lakini lazima achukulie kwamba moja limegoma. Hapo hakuna anayeingia kabla ya dakika 30 kwisha; kwa fataki za umeme, kanuni za migodi za Marekani hutaka angalau 15.

Muda huo ukiisha, mlipuaji huingia kukagua, huku walinzi wakiendelea kuziba njia zote. Anatafuta utambi au nyaya zilizobaki, mabaki ya baruti kwenye kifusi, na mawe yanayoning'inia ukutani. Moshi wa rangi ya chungwa ni sumu, anasubiri utawanyike. Wengine hurudi kwa ishara yake ya usalama tu, na mpangilio wa ving'ora hutofautiana, basi uliza wa machimbo yako.

Shimo lililogoma halichokonolewi, wala vitako vya mashimo ya zamani havitobolewi tena: baruti iliyobaki humlipukia mtobozi.