Kuunga shingo: sanamu inapoondoka na kola ikabaki imesimama

Shati limejaa kifua, mabega yamekaa, mikono inaning'inia kama imevaliwa, lakini ndani yake hamna mtu. Ukitazama shingoni unaona hadi ndani: mgongo wa kola, mshono wake, na lebo yenye saizi. Wapiga picha za bidhaa huiita hiyo picha ya sanamu isiyoonekana. Ile kazi ya kuijenga sehemu ya ndani ya kola ndiyo kuunga shingo.

Picha hiyo haipigwi mara moja. Shati linapokuwa limevishwa sanamu, au mdoli kama wengi tunavyouita, shingo ya sanamu inaziba mgongo wa kola. Ukiifuta shingo hiyo kwenye kompyuta, panabaki tundu jeupe, kwa sababu kamera haikuwahi kuona kilichokuwa nyuma yake. Wapo wanaoliziba tundu hilo kwa kunakili kitambaa cha kifuani. Kwa mbali linapita, ila mtu akikuza picha anakuta kola isiyo na mshono wala lebo, na mistari ya kitambaa imekatika bila mpango. Ndiyo maana hupigwa picha ya pili, ya ndani ya kola peke yake, kisha zikaunganishwa.

Ya pili inapigwa papo hapo, kamera ikiwa bado kwenye stendi yake, bila kugusa lenzi wala taa. Njia ya haraka ni kuligeuza shati ndani nje, ulivishe tena sanamu na upige mgongoni. Mimi siipendi. Lebo itaonekana vizuri, lakini kitambaa kimetuna kuja kwa kamera, kwa hiyo mwanga unapiga katikati na pembeni kunafifia. Kola iliyovaliwa imebonyea kinyume chake, katikati yake ipo mbali na pana kivuli. Ukiunganisha hivyo, jicho linakataa hata kabla mtazamaji hajajua kwa nini. Afadhali kukata kadibodi nyeupe kwa umbo la mabega, kuiingiza ndani ya shati, kuipinda kidogo ili katikati yake iwe nyuma, na kuishusha kola ya mbele kwa vibanio hadi mgongo wa kola uonekane wote.

Chukua shati la buluu lenye vifungo viwili vya juu vilivyoachwa wazi. Kwenye picha ya kwanza, kabla hujafuta chochote, tafuta sehemu mbili: pale kola inapopotelea nyuma ya shingo ya sanamu, kushoto na kulia. Hapo ndipo viungo vitakapokaa. Angalia pia ukingo wa kola unaelekea wapi unapopotea, kwa sababu mstari wa nyuma lazima uendeleze mwelekeo uleule. Nakili picha nzima na uiweke pembeni, maana ukishaifuta shingo ya sanamu huna tena cha kulinganishia.

Tuseme kati ya sehemu hizo mbili pana pikseli 640. Kwenye picha ya pili, kipande hichohicho cha kola kina pikseli 720. Mwanagenzi hubonyeza Ctrl+T kwenye Photoshop na kubana upana hadi zifike 640, na lebo inakonda kama imeshindiliwa mlangoni. Tofauti ile ya pikseli 80 ina sababu mbili, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni umbali. Kadibodi ilisimama pale ilipokuwa mbele ya shati, lakini mgongo wa kola halisi uko nyuma zaidi, labda sentimita 12. Kamera ikiwa mita 2 kutoka mbele ya shati, kitu kilicho umbali wa sentimita 212 huonekana kwa kiasi cha asilimia 94 ya ukubwa wake wa mwanzo. Kwa hiyo punguza kipande chote hadi asilimia 94, upana na urefu pamoja. Sasa kina pikseli 677 hivi.

Ya pili ni mkunjo. Pembeni kola inazunguka kuja mbele, kwa hiyo kamera inaiona kwa ubavu na inaonekana fupi. Pikseli 37 zilizobaki ni za huko pembeni, si za katikati. Fungua Warp, zana ya kupinda sehemu ya picha, vuta kila upande kama pikseli 18 kuelekea ndani, na lebo usiiguse. Ukimaliza, mshono wa kola utakutana na mshono wake begani.

Leya ya ndani inakaa chini, shati la mbele linakaa juu. Shingo ya sanamu huondolewa kwa Pen Tool na kufichwa kwa Layer Mask, si kwa kifutio, ili ukikosea urudishe. Mstari wa kukata upite pikseli moja au mbili ndani ya kitambaa. Sanamu nyeupe huakisi mwanga wake kwenye ukingo wa kola, na ukikata sawasawa na ukingo utabaki na uzi mweupe unaozunguka shingo yote. Njia yangu ya kuukamata ni kuweka leya ya rangi ya waridi kali chini ya zote. Uzi mweupe na kila tundu lililosahaulika vitajianika.

Kinachobaki ni kivuli, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kola ya ndani ilipigwa ikiwa wazi mbele ya taa. Ikirudishwa mahali pake, kola ya mbele inaikinga. Weka leya mpya kati ya hizo mbili, iwe Multiply ili rangi yake itie giza kilicho chini, ikae juu ya kipande cha ndani tu. Usichukue rangi nyeusi. Chukua buluu iliyokolea kutoka kwenye mkunjo wa shati hilohilo, maana nyeusi hugeuza kitambaa kuwa kama kimeingia vumbi. Paka kwa brashi laini yenye nguvu ndogo, asilimia 10 hadi 15, mara kadhaa. Kiza kikolee zaidi chini, karibu na ukingo wa kola ya mbele, kikipungua kadiri unavyopanda kwenye lebo. Ukiona lebo inang'aa kuliko vifungo vya mbele, kivuli bado hakijatosha.

Kisha igeuze picha kushoto kulia. Kola iliyoinama upande mmoja huwa tumeshaizoea kwa kuitazama muda mrefu, na kuigeuza huifichua mara moja.

Nililazimika kuzirudia picha kadhaa siku nilipotumia kola moja ya ndani kwa saizi zote za shati moja. Kuunga kulikuwa safi kabisa, ila mashati yote yalionyesha lebo ya M. Tangu hapo kila shati nalipiga mara mbili kabla halijarudi kwenye hanga.

Kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani ni habari nyingine. Hapo sanamu haipo shingoni tu, rangi yake imepenya kifuani na mikononi, na hakuna mstari wa kuikatia. Nguo ya namna hiyo ivishwe sanamu ya plastiki angavu, au ipigwe imetundikwa, na kuunga shingo kuachiwe vitambaa vizito.