Kikombe cha hedhi au pedi: kipi kinakula hela na maji zaidi?

Kikombe ni bei kubwa kununua mara moja, kweli ntaokoa hela au ni maneno tu?

Utaokoa, ila sio mwezi wa kwanza, na wengi wanakata tamaa hapo. Chukua mtu anayetoka damu siku 5, anabadilisha pedi 4 kwa siku, hizo ni pedi 20 kila hedhi, na kama mzunguko wake ni wa siku 28 basi kwa mwaka anapata hedhi 13, jumla pedi 260. Kwa pakiti za pedi 10 hizo ni pakiti 26 kwa mwaka. Sa tuseme kikombe unachokitaka bei yake ni sawa na pakiti 20 (we weka bei ya unapoishi, hesabu ni ileile). Hedhi tatu za mwanzo bado unajifunza kukiweka kwahiyo utavaa na pedi kwa usalama, tuseme pakiti moja kila hedhi, imekuwa pakiti 23. Yule wa pedi anazifikisha pakiti 24 kwenye hedhi ya 12, yaani pesa yako inarudi karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili yeye ananunua tena 26 na wewe hununui kitu. Ndo maana mtu anayejua ataacha baada ya miezi minne mi simshauri anunue, atakuwa ametupa hela.

Wanasema kinakaa miaka 10, ntajuaje kimeisha?

Hiyo 10 ni kwa vile vya silikoni ya kitabibu vikitunzwa vizuri, na sio kila mtengenezaji anaahidi hivyo, soma karatasi ya ndani. Kubadilika rangi peke yake sio tatizo, damu inaacha madoa. Kinachokiondoa ni silikoni kuanza kunata, kuwa na kama unga juu, kupasuka au kuchanika ukingoni, au harufu isiyoisha hata baada ya kuchemsha. Kila mwisho wa hedhi kivute taratibu kwenye mwanga ukiangalie chote.

Halafu kuna vile vitundu vidogo karibu na ukingo wa juu, hivyo ndo vinapitisha hewa ili kikombe kikae vizuri na kitoke bila kung'ang'ania. Damu ikiganda humo kinaanza kuvuja na mtu anadhani kimekufa, kumbe kimeziba tu. Kijaze maji, ziba mdomo kwa kiganja kisha kibonyeze, maji yatarushwa kupitia kwenye vitundu na uchafu utatoka nayo.

Pedi yenyewe ni ya kutupa, ibadilishe kila baada ya masaa 4 mpaka 6 hata kama damu ni kidogo.

Kwetu maji ni ya shida, kikombe si kitanimalizia ndoo?

Sio ndoo nyingi kama watu wanavyodhani. Kikombe hakikai zaidi ya masaa 12, kwahiyo kwa siku 5 unakimwaga sio chini ya mara 10, tuseme 12. Kila mara unanawa mikono kabla na baada, ukitumia nusu lita kila kunawa ni lita 12, suuza kikombe kwa robo lita ni lita 3, na kuchemsha mwisho wa hedhi lita 1. Jumla 16. Wa pedi naye ananawa kila akibadilisha, mara 20 kwa nusu lita ni lita 10. Tofauti ni lita 6 kwa hedhi, kama 78 kwa mwaka mzima. Maji ya kuoga hayabadiliki.

Shida kubwa ni usafi wa maji na yapo saa ngapi, maana mikono michafu ndo inaingiza vijidudu. Ukiwa choo kisicho na maji, nawa kabla hujaingia, mwaga, futa kikombe kwa tishu safi, rudisha, afu kisuuze vizuri ukifika kwenye maji. Anza na maji ya baridi, ya moto yanakaza damu kwenye silikoni. Kuchemsha ni dakika 5 maji yakitokota yamekifunika chote, na usiondoke jikoni, yakikauka kikombe kinagusa chini ya sufuria na kuungua na hapo miaka yako yote imeisha. Kikaushe, kiweke kwenye mfuko wa kitambaa, sio nailoni ya kufunga.

Nina kitanzi, nitumie tu?

Muulize kwanza aliyekuwekea, kwasababu kikombe kinaweza kukivuta kitanzi kikatoka. Akikuruhusu, usivute mkia wa kikombe hivihivi, bana kitako chake kwanza hewa iingie ndo ukitoe.